Namba haitoshi: rubani anavyoisoma njia ya kurukia ndege

Tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia ilikuwa inatoka Addis Ababa kwenda Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ule tunaouita KIA. Ikatua salama, ila haikutua KIA. Ilitua Kisongo, kwenye uwanja mdogo wa Arusha uliozoea ndege za watalii waendao Serengeti, kilomita kama 50 upande wa magharibi. Njia ya KIA ina urefu wa mita 3,600 hivi, ya Kisongo haifiki nusu ya hapo. Ndege ilifanikiwa kusimama, lakini mwishoni mwa njia magurudumu yake yakaishia kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Abiria walikaa ndani saa kadhaa, maana uwanja haukuwa na ngazi ya kuifikia milango ya ndege kubwa kiasi kile.

Waliolisikia tukio hili waliuliza: kwani namba iliyochorwa chini hawakuiona? Huenda waliiona, na isingewasaidia kitu. Njia ya KIA inaitwa 09/27. Ya Kisongo nayo inaitwa 09/27.

Namba hiyo haitambulishi uwanja. Inataja uelekeo tu. Shika dira, simama mwanzoni mwa njia na utazame urefu wake. Dira ikisoma nyuzi 270, yaani magharibi, toa sifuri ya mwisho, upate 27. Ikisoma 268 au 273, kadiria kwa kumi iliyo karibu na jibu ni lilelile 27. Kwa kuwa njia hutumika pande zote mbili, kila ncha ina namba yake, na namba hizo mbili siku zote hupishana kwa 18, kwa sababu kugeuka nyuma kabisa ni nyuzi 180. Ndiyo maana Dar es Salaam kuna 05 na 23, Nairobi kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta kuna 06 na 24, Entebbe kuna 17 na 35. Kaskazini huandikwa 36, si 00.

Zanzibar ni 18/36, na hapo namba inaeleweka hata kwa baharia ambaye hajawahi kupanda ndege. Ndege hutua ikiukabili upepo, ili ifike chini ikiwa na kasi ndogo kwa kipimo cha ardhi. Kaskazi ikivuma, upepo unatoka juu ya ramani, ndege inatua ikielekea kaskazini, njia 36. Ikiingia kusi, mambo yanageuka na njia inakuwa 18. Ni njia moja na lami ileile, ila msimu umebadilika. Redioni namba hutamkwa tarakimu moja moja, moja nane au tatu sita, ili sikio lisichanganye.

Kwa sababu namba hutokana na dira, inafuata kaskazini ya sumaku, na kaskazini hiyo haitulii. Inahama polepole mwaka hadi mwaka, na njia iliyokuwa karibu na mpaka wa kukadiria huamka siku moja ikiwa na jina lisilo sahihi. Stansted, jirani na London, ilibadili 05/23 kuwa 04/22 mwaka 2009. Tampa, Florida, ilifunga njia yake ya 18R/36L Januari 2011 ili kuipaka upya iwe 19R/1L. Lami haikusogea hata inchi. Herufi hizo huongezwa pale njia mbili zinapolala sambamba: L ni ya kushoto, R ni ya kulia, na zikiwa tatu ya katikati hupewa C.

Basi namba inamwambia rubani jambo moja: kwamba pua ya ndege na njia vinaelekea upande mmoja. Yaliyobaki, kama hapa ndipo penyewe, kama yuko juu kiasi kinachotakiwa, na kama lami itamtosha, anayasoma kwenye rangi na taa.

Tuanze na rangi. Cha kwanza kinachojitokeza mchana ni kizingiti, mwanzo wa eneo linaloruhusiwa kutua. Pamechorwa mistari mipana myeupe iliyolala kwa urefu wa njia, imepangwa bega kwa bega kama vibao vya kinanda. Wingi wake si pambo. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, mistari 8 ina maana njia ni ya upana wa mita 30, 12 ni mita 45, na 16 ni mita 60. Rubani hahesabu kidole kwa kidole, lakini jicho lililozoea njia ya mistari 12 linahisi haraka pakiwa na upungufu.

Upana una umuhimu kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu ndio unaolidanganya jicho. Rubani aliyezoea njia ya mita 45 akija kwenye ya mita 30, ubongo wake unaiona nyembamba na kuhitimisha kwamba bado yuko mbali na yuko juu. Anashusha zaidi, na kumbe alikuwa mahali pake. Njia inayopanda mlima kuelekea mbele nayo hudanganya vivyo hivyo. Inaonekana imesimama wima kuliko kawaida, na rubani anahisi yuko juu mno.

Mbele ya kizingiti ndipo ilipo namba, tarakimu zenye urefu wa mita 9 au zaidi. Halafu, umbali fulani ndani, unakuta mistari miwili minene sana, mmoja kila upande wa mstari wa kati. Hiyo ni alama ya kulenga. Rubani huiweka mahali pamoja kwenye kioo cha mbele na kuiacha hapo. Ikianza kupanda kwenye kioo, ndege inashuka mno na itaangukia kabla yake. Ikiteremka na kutaka kupotea chini ya pua, ndege itapitiliza. Ikitulia pale pale huku ikizidi kukua, ndege inakwenda huko huko. Mwendesha baiskeli anayekwepa shimo barabarani hufanya hesabu hiyo bila kujua.

Alama ya kulenga inabeba habari nyingine ambayo wengi hawaitambui. Mahali pake hutegemea urefu wa lami inayopatikana kwa kutua. Kwenye njia ya mita 2,400 na kuendelea huwekwa mita 400 kutoka kizingitini. Kwenye njia ya kati ya mita 1,200 na 2,400, huwa mita 300, isipokuwa imesogezwa kidogo ili iendane na taa za mteremko tutakazozifikia. Kabla na baada yake hufuata jozi za mistari ya eneo la kugusia, kila mita 150. Njia ndefu hupata jozi sita, njia ya mita 1,500 hadi 2,400 hupata nne, na uwanja mdogo usiotumia mfumo wa kutua kwa vyombo unaweza kukosa jozi hizo kabisa.

Rudi sasa Kisongo. Anayekwenda KIA anatazamia njia yenye sura ya njia ndefu: jozi zilizojipanga, weusi wa mpira wa matairi ya ndege kubwa ulioganda karibu na alama ya kulenga, jengo kubwa, eneo pana la maegesho. Akikuta ukanda mfupi wenye vindege vya injini moja pembeni, mazingira yenyewe yanapiga kelele. Tatizo ni kwamba jicho likishaamini limekiona lilichokuwa linakitafuta, huacha kuuliza. Uelekeo ulilingana, namba ililingana, na kwa mtu mwenye haraka hayo mawili yanatosha kabisa kumpeleka pasipo penyewe. Dawa ya marubani ni kuweka mfumo wa vyombo hata siku ya jua kali, ili sindano ikatae pale macho yanapokubali.

Kabla ya kuacha rangi, kuna michoro miwili ambayo kuichanganya ni hatari. Mishale myeupe inayoelekea kizingitini ina maana kizingiti kimesogezwa ndani, mara nyingi kwa sababu ya mti, nyumba au kilima kilicho kwenye njia ya kushukia. Lami ile ya kabla ya kizingiti ni nzima, ndege inaweza kuanzia kuruka hapo, ila hairuhusiwi kutua juu yake. Pembe za njano zilizochongoka kama safu za V ni habari nyingine: lami hiyo haitumiki kwa kutua wala kwa kuruka, na pengine haiwezi hata kubeba uzito wa ndege. X kubwa ni njia iliyofungwa.

Usiku rangi hufa, na kazi yote inahamia kwenye taa. Rubani anayekuja usiku kutoka baharini, au juu ya pori lisilo na kijiji, anaona kisanduku cha taa kinachoelea kwenye giza tupu. Hana upeo wa macho, hana miti, hana kitu cha kulinganisha. Marubani huita hali hiyo shimo jeusi. Ndani yake mtu huelekea kushuka chini mno akiwa na amani kabisa moyoni.

Kinachomwokoa ni visanduku vinne vya taa vilivyowekwa kwa kawaida upande wa kushoto wa njia, jirani na alama ya kulenga. Vinaitwa PAPI. Kila kisanduku kinatoa mwali mmoja wenye rangi mbili, nyeupe sehemu ya juu na nyekundu sehemu ya chini, na mpaka kati yao ni mkali sana. Ujanja uko kwenye kuviinamisha. Kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3, kisanduku cha nje kabisa hubadili rangi kwenye nyuzi 2.5, kinachofuata 2.83, cha tatu 3.17, na kile kilicho karibu na lami 3.5. Aliye juu kuliko vyote anaona nyeupe nne. Aliye chini ya vyote anaona nyekundu nne, na hapo haulizi mtu, anaongeza nguvu. Aliye mahali pake anaona viwili vya nje vyeupe na viwili vya karibu na njia vyekundu.

Tupige hesabu kidogo ili ionekane mfumo huu unavyobana. Nyeupe mbili na nyekundu mbili ni uchochoro ulio kati ya nyuzi 2.83 na 3.17. Ukiwa kilomita 5 kutoka kwenye visanduku, sakafu ya uchochoro huo iko mita 247 juu na dari yake mita 277. Una nafasi ya mita 30, nyumba ya ghorofa kumi. Ukifika kilomita moja, nafasi imebaki mita 6. Ndiyo maana rubani mzoefu hazikimbizi taa hizi mwishoni kabisa. Akifuata kila mabadiliko ya rangi akiwa mita mia tatu tu kutoka kwenye visanduku, ataanza kuisukuma na kuivuta ndege, na kutua kutakuwa kubaya. Kufikia hapo anatazama alama ya kulenga na mwisho wa njia.

PAPI ina mipaka yake mingine. Inasoma jicho la rubani, si magurudumu. Kwenye ndege kubwa magurudumu yako mita kadhaa chini ya jicho na nyuma yake, kwa hiyo nyekundu tatu zisizotisha kwenye ndege ndogo ni jambo zito kwenye ndege kubwa. Umande kwenye kioo cha taa nao huchanganya miali miwili, ukaona rangi ya waridi ambayo si nyeupe wala si nyekundu. Mahali pengi huziacha ziwake kwa nguvu ndogo ili kioo kisipoe. Tena haikuambii lolote kuhusu kushoto na kulia: mtu anaweza kuwa na nyeupe mbili na nyekundu mbili huku yuko nje kabisa ya mstari wa njia.

Kushoto na kulia ni kazi ya taa za kukaribia, zile zinazoanza nje ya uwanja, juu ya nguzo, wakati mwingine shambani kwa watu. Kwenye viwanja vyenye ILS, yaani ule mfumo wa kutua kwa vyombo, huenea mita 900 kabla ya kizingiti. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini ziwe ndefu hivyo. Jibu liko kwenye hesabu ya siku ya ukungu.

Mfumo wa ILS wa daraja la kwanza humruhusu rubani kushuka bila kuona chochote hadi futi 200 juu ya kizingiti, yaani mita 61. Hapo ni lazima aamue: ameona kitu cha kumwongoza, au anapaa tena. Kwenye mteremko wa nyuzi 3, aliye mita 61 juu yuko mita 1,160 kutoka sehemu ambayo mteremko unaigusa lami. Sehemu hiyo iko kama mita 300 ndani ya kizingiti. Toa 300, upate kwamba kizingiti chenyewe kiko mita 860 mbele yake. Na kiwango cha chini cha kuona kinachoruhusiwa kwa daraja hilo ni mita 550 hivi. Maana yake ni kwamba wakati wa kuamua, njia haionekani. Kizingiti hakionekani, namba haionekani, PAPI haionekani. Chini yake na mbele yake kuna taa za kukaribia tu. Mita 900 zimepangwa ili aliyefika futi 200 akute zimeanza.

Kwa kasi ya kilomita 260 kwa saa, kutoka hapo hadi kizingitini ni sekunde 12. Katika sekunde hizo anatakiwa kujua kama amekaa katikati, kama mabawa yako sawa, na kama umbali uliobaki ni ule anaoufikiria. E. S. Calvert, mtafiti wa Farnborough nchini Uingereza, alilichambua tatizo hili miaka ya 1940. Aligundua kwamba mstari mmoja wa taa haumtoshi mtu aliye kwenye ukungu: akiuona umeinama, hajui kama ameuacha pembeni au ndege yake imelala upande mmoja. Akaongeza safu zilizokingama. Safu hiyo ni upeo wa macho wa bandia. Ikikaa sawa kwenye kioo, mabawa yako sawa, na kama mstari bado umeinama basi ndege ndiyo iliyo pembeni. Mpangilio wake una safu tano kama hizo, kila mita 150. Mstari wa kati nao umepewa hesabu: mita 300 za nje taa ziko tatu tatu, 300 za katikati mbili mbili, na 300 za mwisho moja moja. Mtu anayeona taa pweke zikipita chini yake hahitaji kuambiwa kwamba kizingiti kimefika.

Kizingiti usiku ni safu ya taa za kijani. Baada yake pembeni mwa njia ni taa nyeupe, zisizoachana zaidi ya mita 60. Rangi hizi ndizo zilizopuuzwa San Francisco usiku wa tarehe 7 Julai 2017. Uwanja ule una njia mbili sambamba, 28L na 28R. Usiku huo 28L ilikuwa imefungwa na taa zake zimezimwa. Airbus A320 ya Air Canada iliyotoka Toronto ilitakiwa kutua 28R. Marubani walitazamia kuona njia mbili, wakaona mistari miwili, wakachagua wa kulia. Lakini mistari waliyoiona ilikuwa 28R yenyewe na, kuliani kwake, kiungio ambacho ndege hupitia kwenda kuruka. Juu yake ndege nne zilikuwa zimejipanga zikisubiri zamu.

Kiungio hakina taa nyeupe pembeni. Kina bluu pembeni na kijani katikati, na hakina taa za kukaribia mbele yake wala PAPI. Marubani waliona taa za ndege zilizosimama wakauliza kama kuna mtu kwenye njia. Mwongoza ndege akajibu kwamba 28R iko wazi, na ilikuwa kweli. Walianza kupaa wakiwa wameshuka mno, na ndege yao ilipita kama futi 60 tu juu ya ardhi kabla ya kuinuka. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba mfumo wa ILS haukuwa umewekwa masafa yake, na kwa hiyo hapakuwa na sindano ya kuwakatalia. Ni kosa la aina ile ya Kisongo, safari hii la kuhesabu mistari na kuacha kuuliza rangi.

Magurudumu yakishagusa, taa bado zina la kusema, na sasa linahusu breki. Kwenye njia ndefu, mita 600 za mwisho taa za pembeni hugeuka njano. Zikiwepo taa za mstari wa kati, huwa nyeupe hadi zibaki mita 900. Kutoka hapo hupishana nyekundu na nyeupe, na mita 300 za mwisho ni nyekundu tupu. Rubani anayeteleza kwenye mvua bila kuona mwisho anajua kwa rangi tu amebakiwa na lami kiasi gani. Mwishoni kabisa kuna safu ya taa nyekundu zilizokingama njia. Mara nyingi ni taa zilezile za kizingiti cha upande wa pili: kisanduku kimoja chenye vioo viwili, kijani kwa anayeingia kutoka nje, chekundu kwa aliye ndani anayekimbilia mwisho.